Kilo 120 zilipotea kwenye picha, hazikupotea kwenye depo

Ndugu wakulima, wamama na wababa wa koperative, leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Naandika juu ya karatasi moja ya hesabu, kwa sababu karatasi hiyo ilikaribia kumuharibia jina mama mmoja anayetunza depo hapa kwetu Muheto.

Sisi wote tunajua namna mambo yanavyopita. Barabara ikiharibika kwa mvua, karatasi haifiki Goma, lakini picha inafika. Sekretere anapiga foto ya karatasi, anaituma kwa WhatsApp. Ule anayeipokea anaifungua, anapiga kapture ya kioo cha telefone yake, anaituma kwa mwingine. Kila ikitumwa, WhatsApp inaipunguza picha ili ipite haraka, na alama ndogo ndogo za biki zinapotea. Mwisho wa safari unabaki na ukungu. Namba 5 inafanana na 8. Namba 7, ambayo sisi tulifundishwa kwenye masomo kuikata katikati na kamstari, inapoteza kale kamstari. Na 1 yetu yenye mkono mrefu juu inakuwa kama 7.

Ndivyo ilivyokuwa kwa maharagi ya sezoni B. Vikundi 5 vilileta maharagi kwenye depo kwa majuma 4. Sekretere aliandika kilo kwenye karatasi, akajumlisha kila mustari na kila safu, akaandika jumla kubwa pembeni chini. Lori ilipakia kilo 3 665, na karatasi ya mpakizi inasema vile. Lakini ofisi iliyokuwa inatengeneza malipo ilisoma kapture, ikaingiza namba 20 za vikundi kwenye mashini, ikaacha mashini ijumlishe yenyewe. Mashini ikatoa 3 785. Basi watu wakauliza: kilo 120 ziko wapi? Na macho yote yakamwangalia mama wa depo.

Aliniita akaniambia: "Agronomo, mimi sikuchukua hata kilo moja. Lakini nitasema nini mbele ya mashini?"

Nilimwambia, mama, tuanze kwa karatasi yenyewe. Kumbe karatasi ilikuwa imelowa kwenye mfuko wa sekretere mpaka ikashikana. Ilibaki ile kapture tu. Hii hapa chini ndiyo namna ofisi ilivyoisoma, pamoja na zile jumla za pembeni ambazo hawakuziangalia:

| | Juma 1 | Juma 2 | Juma 3 | Juma 4 | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| Kikundi 1 | 186 | 243 | 188 | 97 | 684 |
| Kikundi 2 | 372 | 205 | 189 | 134 | 840 |
| Kikundi 3 | 98 | 176 | 263 | 115 | 652 |
| Kikundi 4 | 227 | 138 | 204 | 176 | 745 |
| Kikundi 5 | 184 | 289 | 93 | 208 | 741 |
| Jumla | 977 | 1 051 | 907 | 730 | 3 665 |

Ukiitazama haraka haraka, hauoni kosa. Kila namba inaweza kuwa kweli. Jicho peke yake haliwezi kuamua kama ni 8 ao 5. Lakini kila namba kwenye karatasi hii ina mashahidi wawili: jumla ya mustari wake na jumla ya safu yake. Sekretere alijumlisha akiwa na karatasi safi mbele yake, mbele ya ukungu wowote. Njo maana zile jumla zinakumbuka namba za kweli, hata kama picha imezisahau.

Kazi ya kwanza ni kuuliza kama mashahidi wenyewe wanapatana. Mutu asianze na namba za ndani. Tunajumlisha jumla za safu: 977 na 1 051 na 907 na 730 zinatoa 3 665. Hiyo inapatana na jumla kubwa, na inapatana na lori. Kiisha tunajumlisha jumla za mistari: 684 na 840 na 652 na 745 na 741. Zinatoa 3 662. Kunapungua 3. Basi kati ya jumla 5 za vikundi, moja imesomwa vibaya, na ya kweli inaizidi kwa 3. Bado hatujui ni ipi. Tunaiweka kwa kichwa, tunaendelea.

Kazi ya pili ni kujumlisha kila mustari na kila safu kwa namba tulizosoma, na kuandika tofauti pembeni kwa kreyo. Kikundi 1 kinatoa 714, karatasi inasema 684: imezidi 30. Kikundi 2 kinatoa 900 mahali pa 840: imezidi 60. Kikundi 3 na 4 hakuna shida. Kikundi 5 kinatoa 774 mahali pa 741: imezidi 33. Kwa safu, Juma 1 linatoa 1 067 mahali pa 977: imezidi 90. Juma 3 linatoa 937 mahali pa 907: imezidi 30. Juma 2 na 4 ziko sawa.

Sasa angalia umbo la hizi tofauti, kwa sababu umbo linasema mengi. Ukungu unapobadilisha herufi moja ya namba, tofauti inakuwa namba moja tu yenye sifuri nyuma yake, ao bila sifuri: 3, ao 30, ao 300. Tofauti ya 30 na ya 60 zinatuambia kwamba kosa liko kwenye makumi. Lakini 33 haiwezi kutoka kwenye herufi moja. Ni 30 na 3. Na ile 3 tayari tunaijua: ni ile inayopungua kwenye jumla za mistari. Basi jumla ya Kikundi 5 si 741, ni 744. Tukakuza picha, kweli: 4 iliyoandikwa wazi juu, mkono wake wa kushoto umefutika, imebaki fimbo tu kama 1. Tukiandika 744, jumla za mistari zinatoa 3 665, na Kikundi 5 kinabaki na tofauti ya 30 safi.

Hapa pana fundisho la kushika. Kosa likiwa ndani ya meza, mustari unalia na safu inalia. Kosa likiwa kwenye jumla yenyewe, inalia upande mmoja tu, ule mwingine unanyamaza. Mutu asiyejua hilo angeanza kupunguza 33 kwa nguvu kwenye maharagi ya Kikundi 5, na angemwibia mukulima kwa kalamu.

Kazi ya tatu ni kutafuta mahali tofauti zinapokutana. Sasa mistari inasema: Kikundi 1 kimezidi 30, Kikundi 2 kimezidi 60, Kikundi 5 kimezidi 30. Yote pamoja ni 120. Safu zinasema: Juma 1 limezidi 90, Juma 3 limezidi 30. Yote pamoja ni 120. Pande zote mbili zinasema 120, na ndizo zilezile kilo 120 zilizodaiwa kwa mama wa depo. Kabla hata hatujapata namba moja, tulikwisha kujua kwamba hakuna gunia lililotoka kwenye depo usiku.

Zile 60 za Kikundi 2 zinakaa wapi? Juma 3 lina 30 tu, haliwezi kubeba 60. Basi ni Juma 1. Pale pameandikwa 372; tukiondoa 60 ni 312. Namba 7 ni 1 yenye mkono mrefu. Inaingia vizuri.

Juma 1 lilikuwa na 90, tumeondoa 60, imebaki 30. Juma 3 lina 30. Na mistari iliyobaki ni Kikundi 1 na Kikundi 5, kila kimoja na 30. Hapa, ndugu zangu, wengi wangefurahi na kufunga hesabu. Mimi nilisimama, kwa sababu kuna njia mbili.

Njia ya kwanza: Kikundi 1 kimekosewa kwenye Juma 3, 188 ni 158, na Kikundi 5 kimekosewa kwenye Juma 1, 184 ni 154. Njia ya pili: Kikundi 1 kimekosewa kwenye Juma 1, 186 ni 156, na Kikundi 5 kimekosewa kwenye Juma 3, 93 ni 63. Jaribu zote mbili kwa mashini ya kuhesabu. Zote mbili zinatoa 684, zinatoa 744, zinatoa 977, zinatoa 907. Jumla haziwezi kuchagua kati yao hata kidogo. Namba hizi 4 zinakaa kwenye pembe 4 za mraba, na ukipunguza pembe mbili zinazotazamana, ni sawasawa na kupunguza zile pembe mbili nyingine.

Mtu atasema: kama jumla ya kikundi ni ileile, inafaa nini kujua ni juma gani? Inafaa, kwa sababu bei haikuwa moja. Kati ya Juma 1 na Juma 3 bei ilishuka kwa franka 200 kwa kilo. Kilo 30 zikihama kutoka Juma 1 kwenda Juma 3, kikundi kinapoteza franka 6 000. Kwa njia ya pili, Kikundi 1 kingepoteza franka 6 000 na Kikundi 5 kingepata franka 6 000 zisizo zake. Koperative isingeona kitu, kwa sababu jumla kubwa ingelingana. Makosa yanayolingana ndiyo yanayokaa miaka.

Kwa macho, njia ya kwanza ilipendeza zaidi, kwa sababu 8 na 5 zinafanana sana kwa ukungu, kuliko 9 na 6. Lakini njia ya pili nayo ina 8 ya kugeuka 5 kwenye ile 186. Kupendeza si ushahidi. Kuna na njia ya tatu inayodai namba 4 ziwe zimesomwa vibaya, pamoja na 7 ya kugeuka 4. Ni ngumu kuamini, kwa sababu kwa kawaida tunaanza na maelezo yenye makosa machache zaidi, lakini na hiyo ni desturi ya kazi, si uhakika.

Kilichobaki ni kuuliza, na hapa ndipo utaona faida. Vikundi viko kwenye milima, rezo ni ya kutafuta, na kila kikundi kina kaye yake. Kuuliza namba 20 ingekuwa kazi ya siku nyingi. Sasa tulikuwa na ulizo moja tu, kwa kikundi kimoja tu. Tulimpigia sekretere wa Kikundi 1, tukamwambia: "Mama, fungua kaye. Juma la tatu mulileta kilo ngapi?" Hatukumwambia "ni 158, si ndiyo?" Kwa sababu mutu ukimpa jibu mdomoni, atalikubali kwa heshima tu. Akafungua kaye, akasoma mwenyewe: kilo 158. Kwa jibu hilo moja, namba zingine zote zilikaa mahali pake. Kikundi 5 Juma 1 ni 154. 186 na 93 zilikuwa zimesomwa vizuri tangu mwanzo, na ile njia ya tatu ikaanguka.

Tukajumlisha upya: 684, 840, 652, 745, 744. Jumla 3 665, kama lori. Mama wa depo aliangalia karatasi, akasema tu: "Basi ni telefone ndiyo iliiba."

Wazo hili si la Muheto peke yake. Mwaka 1950 mwanahesabu mmoja wa Amerika, Richard Hamming, alichapisha namna ya kuongeza alama za kuhakikisha pembeni ya habari, ili mashini yenyewe ijue ni alama ipi imeharibika na kuirekebisha. Njia ile inafanana sana na jumla zetu: unabeba kitu cha ziada, ili kilichopotea kiweze kurudi. Lakini mashini hizo nazo zina kikomo kama sisi. Makosa yakizidi kiasi, haziwezi tena kujua.

Na kikomo chetu kibaya zaidi ni hiki: makosa yakianguka kwenye pembe 4 za mraba, mawili yakizidisha na mawili yakipunguza kwa kiasi kilekile, jumla zote zinanyamaza. Inatokea mara chache sana kwa ukungu. Lakini inaweza kutokea kwa mkono wa mutu anayejua. Kwa hiyo karatasi ambayo jumla zake zinapatana haijathibitisha kila namba. Imethibitisha tu kwamba hakuna kosa la kawaida.

Kuna na kosa lingine linalofanana na ukungu lakini si ukungu. Ukipata tofauti ya 27, ao 18, ao 45, namba inayogawanyika kwa 9, shuku kwanza kwamba mutu aligeuza herufi wakati wa kuandika, kama 263 mahali pa 236. Kukuza picha hakutakusaidia, kwa sababu picha iko sawa. Aliyeinakili ndiye aliyekosa. Na ukipata 10 ao 100 kamili kwenye mustari mmoja tu, safu zote zikinyamaza, pengine sekretere alisahau kubeba 1 wakati wa kujumlisha. Hapo jumla yenyewe ilizaliwa na ugonjwa, na ukiiamini utaharibu namba nzuri.

Sasa nafika kwenye neno langu, na najua si wote watalipenda. Kosa kubwa kwenye hadisi hii si ile picha mbaya. Picha mbaya zitakuwako. Kosa ni ofisi kutupa jumla za sekretere na kuacha mashini ijumlishe namba zilizosomwa. Mashini ikijumlisha namba mbovu, inatoa jumla inayopatana na ubovu. Shahidi anakuwa mwana wa mshitakiwa. Yeyote anayenakili karatasi ya koperative anapashwa kunakili na jumla za karatasi, kama zilivyoandikwa, kwenye safu yake tofauti, na kuweka pembeni jumla ya mashini. Zikiachana, asilipe mutu na asimshitaki mutu mpaka tofauti ipate maelezo.

Kwa upande wetu wa koperative, nina maombi matatu tu. La kwanza: sekretere ajumlishe kwa mistari na kwa safu, na ile jumla kubwa aipate mara mbili, kwa kushuka na kwa kwenda pembeni, mbele ya kupiga foto. Zisipopatana, karatasi isitoke. La pili: foto ichukue karatasi nzima. Nimeona picha nyingi zilizokatwa pembeni ili namba zionekane kubwa, na kilichokatwa ni jumla, yaani kile chenyewe kingetuokoa. Na kama rezo inaruhusu, itumwe kwenye WhatsApp kama dokima, si kama foto ya kawaida, kwa sababu hapo haipunguzwi.

La tatu ndilo wengi wanasahau. Namba iliyorudishwa kwa hesabu isiandikwe kama namba iliyosomwa. Izungushwe kwa kreyo, na pembeni iandikwe imerudishwa namna gani: kwa jumla peke yake, ao kwa kaye ya kikundi. Kwenye karatasi yetu, 312 na 744 zilirudishwa kwa jumla na kwa kuangalia picha. Namba 158 ilirudishwa kwa kaye. Namba 154 ilitoka kwenye hesabu baada ya ile 158. Mukulima wa Kikundi 5 akija kesho na kaye yake inayosema kitu kingine, tutajua ni mlango gani wa kufungua, na hatutabishana naye juu ya namba ambayo hakuna mutu aliyeiona kwa macho.

Mama wa depo sasa ana kaye mpya. Kila Jumamosi anaandika jumla ya juma kwa mkono wake mwenyewe, kisha anamuomba sekretere amsomee yake kwa sauti. Zikipatana, wote wawili wanatia saini. Zisipopatana, depo haifungwi.